Mshale Ulioangalia Juu

Jumatano saa nne asubuhi papa Ruphin alimpigia Nasra simu kwa mara ya tatu tangu juzi, na safari hii hakupoteza muda kwa salamu.

"Nasra, hii tableti yako iko nanichezea. Niko nafinya Yunus, Israël njo anatoka. Nafinya tena Yunus, Israël tena. Dada ya Yunus iko hapa siku ya tatu sasa, mi namwambia nini?"

Nasra alikuwa mezani, katika chumba kimoja cha mtaa wa Makiso, mjini Kisangani, ambako yeye na wenzake watatu huandika programu za watu wengine: duka la dawa, shule, shirika la wenye mashua. Alikuwa na kazi nyingine mbele yake na hakutaka kuiacha.

"Papa, ni kidole iko nateleza. Kioo ya ile tableti ilipasuka tangu zamani. Nilikuambia siku ya mafunzo, usiamini kidole, amini mshale."

"Bon, njo niko naamini mshale. Mshale iko naonyesha Israël."

"Basi nitumie foto," alisema Nasra, akakata. Alikuwa amechoka na papa Ruphin, tuseme ukweli. Mzee yule alikuwa karani wa mashua tangu enzi za daftari la karatasi, na kila kosa la vidole vyake alilileta Makiso kama kesi mahakamani.

Orodha yenyewe ilikuwa fupi. Ijumaa mashua iliyotoka Kisangani kuteremka mto iligonga gogo mbele ya Isangi, ikapinduka. Katika abiria wote, wanane walikuwa wamepandia kwenye beach, yaani gati, ya papa Ruphin, na shirika liliamua kwamba kila karani atawajibu watu wa beach yake. Majina manane, yamepangwa kwa herufi: Alfani, Bilali, Bonheur, Hilaire, Israël, Jemima, Sandrine, Yunus. Yalijaa kioo cha tableti kuanzia juu hadi chini, wala hayakuzidi, kwa hiyo hakukuwa na namna ya kuisogeza orodha. Upande wa kulia, ukingoni kabisa, kila jina lilikuwa na kiduara chake. Ukikifinya kiduara, kinafunguka kisanduku kidogo chenye habari za mtu huyo kama zilivyoandikwa na mjumbe wa shirika huko Isangi.

Nasra ndiye aliyetaka habari zifichwe ndani ya visanduku. Alijua watu wanavyomzunguka karani, wanavyochungulia juu ya bega lake, na hakutaka mama asome kifo cha mwanawe kwa kuchungulia. Alilitetea wazo hilo mbele ya Henri, mkuu wao, na lilipokubaliwa alifurahi siku nzima.

Tatizo la kwanza lilijitokeza mwezi uliopita, kabla ya ajali, kwenye orodha za kawaida za abiria. Viduara viko ukingoni, kwa hiyo visanduku vilikatwa upande wa kulia. Na kwa majina ya mwisho, visanduku vilizama chini ya kioo, mtu akabaki anaona mstari mmoja na nusu ya mwingine. Papa Ruphin alilalamika, na safari ile alikuwa na haki. Nasra alikaa siku mbili akarekebisha. Aliifundisha programu kupima kabla ya kufungua. Kiduara kiko wapi kwenye kioo? Kisanduku kina upana gani, na urefu gani? Nafasi iliyobaki hadi ukingo inatosha? Upande wa kulia usipotosha, kisanduku kinateleza kushoto mpaka kiingie chote, na mshale wake mdogo unabaki pale pale kwenye kiduara. Chini kusipotosha, kisanduku kinageuka, kinafunguka juu ya jina badala ya chini yake. Na ili kisanduku kisiwe kirefu, alikuwa ameondoa jina la mtu kutoka kichwani pake. Jina si liko hapo hapo kwenye mstari, na mshale unalionyesha?

Foto ilifika. Papa Ruphin alikuwa ameipiga kwa simu yake, kidole gumba kikiwa kimeziba pembe, lakini yote yalionekana. Alikuwa amefinya Yunus, jina la mwisho. Chini ya Yunus hakuna nafasi, kwa hiyo kisanduku kilikuwa kimegeuka kama kilivyofundishwa, kikakaa juu ya Yunus, kikawafunika Sandrine na Jemima. Maandishi yalikuwa kamili. Mshale tu haukugeuka. Ulibaki kwenye ukingo wa juu wa kisanduku, ukiangalia juu, na ncha yake iligusa kiduara cha Israël.

Nasra aliitazama foto ile mpaka simu ikajizima mkononi. Alikuwa ameuona mshale ule. Wiki tatu zilizopita, alipokuwa akijaribu kazi yake, aliona kisanduku kimegeuka na mshale umebaki juu; akasema moyoni kwamba maandishi yanasomeka, hilo ndilo la maana, akaliandika kwenye orodha ya mambo ya baadaye, chini ya kichwa alichokiita "urembo".

Alimpigia papa Ruphin.

"Papa, batu ya Israël, uliwaambia nini?"

"Mama yake? Nilimupatia habari njema juzi. Alikuwa amesimama hapa pamoja na dada ya Yunus. Nafinya Yunus, mshale inakamata Israël, nasema bon, kidole imeteleza, lakini habari ni habari. Namusomea: yuko hai, mukono imevunjika, iko nakula. Yule mama alikaa chini hapa kwa mchanga, akalia, akacheka. Batu yote ya beach walicheka naye. Nimemuandikia nafasi, kesho anapanda mashua kumufuata."

"Na ya Israël mwenyewe, kiduara yake, uliifinya?"

"Nafinya ya nini? Jibu niko nalo."

Nasra hakumlaumu. Alifungua orodha kwenye kompyuta yake, akafinya kiduara cha Israël, na kisanduku kikafunguka vizuri chini ya jina, nafasi ikiwa tele. *Mwili ulipatikana Jumamosi. Amezikwa hapa hapa na watu wa kanisa. Viatu na kitambulisho vimehifadhiwa.*

Alikwenda kumwambia Henri, kwa sababu hakujua pa kwenda kwingine. Henri alisikiliza, akaomba aonyeshwe, akafinya Yunus mara mbili kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alisema:

"Rekebisha sasa hivi. Ile ingine, ya kumwambia mama, acha shirika wajipange. Yule mama anasafiri lini?"

"Kesho asubuhi. Papa Ruphin amemuandikia nafasi ya mashua."

"Alors, huko watamwambia. Iko kaburi, iko batu ya kanisa, wanajua kuongea na mutu. Wewe utaenda kumwambia nini? Mshale?"

Wazo hilo lilimwingia Nasra vizuri kuliko alivyopenda. Mama atapanda mashua, atakaa siku nzima kati ya magunia akimfikiria mwanawe mwenye mkono uliovunjika, atateremka na furushi kichwani, na mtu mwingine, mtu asiyemjua Nasra, atamshika mkono na kumpeleka pembeni. Hakuna atakayeuliza juu ya programu. Watu watasema karani alichanganya majina, karani ni mzee, basi.

Alirudi mezani akarekebisha. Kazi yenyewe ilimchukua dakika kumi, na dakika hizo kumi zilimwuma kuliko yote. Programu ilikuwa tayari inajua kisanduku kimeangukia upande gani. Ilibidi tu kumwambia mshale naye asikilize. Kisanduku kikiwa chini, mshale ukae ukingo wa juu uangalie juu. Kisanduku kikigeuka, mshale ushuke ukingo wa chini uangalie chini. Kisha akarudisha jina kichwani pa kila kisanduku, kwa herufi nene, na kwa kuwa sasa visanduku vimerefuka kwa mstari mmoja, akavijaribu vyote vinane kimoja kimoja, Alfani hadi Yunus, kwenye kioo cha kipimo kile kile cha tableti ya papa Ruphin. Mishale yote ilionyesha mahali pake. Akafunga kompyuta, akatoka bila kumuaga Henri.

Toleka, baiskeli ya kubeba abiria, ilimfikisha beach kabla ya saa sita. Papa Ruphin alikuwa chini ya turubai lake, tableti mbele yake, na pembeni, kwenye benchi, alikaa msichana mwenye mtandio wa kijani, mikono magotini. Jina lake lilikuwa Binti, dada yake Yunus. Nasra alimfahamu kidogo. Familia zao ziliswali msikiti mmoja.

Alimwonyesha papa Ruphin kwanza, kwa sauti ya chini. Mzee alifinya Yunus, akaona jina limeandikwa juu ya habari, akaona mshale umeshuka. Kisha akafinya Israël. Alisoma midomo ikicheza bila sauti. Alipomaliza alivua miwani, akaifuta kwa shati, wala hakuivaa tena.

"Mimi njo nilimwambia," alisema. "Kinywa ni yangu."

"Mshale ni wangu, papa."

"Ulisema niamini mshale."

"Nilisema."

Mzee hakuwa na ukali, na Nasra angependa awe nao. Nasra alimwendea Binti, akakaa naye kwenye benchi, akamwambia kwamba ndugu yake yuko hai. Mkono umevunjika, anakula, anaulizia watu wake. Binti alimtazama kana kwamba anangoja sehemu iliyobaki.

"Hiyo ni habari ya Israël," alisema.

"Hapana, dada. Ilikuwa ya Yunus tangu mwanzo. Programu ilionyesha vibaya. Kosa ni langu."

Binti alifunika mdomo kwa mtandio. Nyumbani kwao baba alikuwa ameshazungumza na imamu juu ya swala ya maiti asiyekuwepo, naye Binti alikuwa amekataa, amegombana na baba yake, ndiyo maana analala na njaa na kuamkia beach. Nasra aliona furaha inampanda usoni, halafu aliona inasimama.

"Mama Solange, mama yake Israël, alininunulia chai juzi," alisema Binti. "Alinishika mabega, akasema, usichoke, na ya kwako itakuja." Akasimama, akaketi tena. "Anajua?"

"Bado. Ndiyo naenda kumwambia."

"Mimi siwezi kwenda nawe. Ataniona usoni."

Papa Ruphin alitaka kufuatana naye. Nasra alimwomba abaki, kwa kuwa watu wa Sandrine, ambaye hakuwa na habari hadi sasa, walikuwa wanakuja kila saa. Aliiomba tableti tu. Alijua mama yule hataamini neno la mdomo mara ya pili.

Mama Solange alikaa Mangobo, nyumba ya matofali nyuma ya shule ya msingi aliyofundisha miaka thelathini. Njia ya kuingilia uani ilikuwa na mashimo mawili mabichi, kila upande moja. Nasra alijua ni ya nini: Jumamosi familia ilikuwa imesimika makuti ya matanga, na Jumatatu, habari njema ilipofika, wameyang'oa. Wifi zake Mama Solange walikuwa jikoni wanaponda ndizi za lituma, chakula cha safari. Walimkaribisha kwa kelele, wakamwita msichana wa tableti. Walimpokea kama mtu wa familia.

Mama alikuwa ukumbini, miwani puani, shati jeupe la kiume mapajani. Alikuwa anafumua mshono wa mkono wa kushoto kwa wembe, polepole, asiharibu kitambaa.

"Ingia, mwanangu. Niko nafungua hii mukono juu ya plâtre. Kama wamemuweka plâtre, ile plasta ngumu ya mufupa, shati haipiti." Alimtengea kiti kwa mguu. "Papa Ruphin amekutuma? Mashua ya kesho iko?"

Njiani Nasra alikuwa amepanga maneno. Alianza nayo, yakamtoka vibaya: akasema kisanduku, akasema ukingo, akasema nafasi haikutosha kikageuka. Mama Solange alimsikiliza kwa subira ya mwalimu anayemngoja mtoto afike kwenye jibu. Kisha wembe ukasimama.

"Simama kidogo," alisema. "Usinieleze mashini. Israël iko wapi?"

Nasra alisema. Alilisema kwa maneno yale yale ya kwenye kisanduku, kwa kuwa hakuwa na mengine: mwili ulipatikana Jumamosi, amezikwa kule na watu wa kanisa.

Jikoni mchi uliendelea kupiga. Mama Solange alinyoosha mkono, Nasra akampa tableti akiwa amefungua mahali pa Israël. Mama alisoma. Alifuata mstari kwa kidole, akarudi kwenye jina lililoandikwa juu, akalisoma tena, akaangalia mshale unavyogusa kiduara.

"Viatu," alisema. "Ni mimi nilimununulia."

Baadaye akauliza, "Na ile ya juzi ilikuwa ya nani?"

"Ya Yunus. Jina la mwisho."

"Ndugu yake Binti."

"Ndiyo, mama."

"Binti anajua?"

"Nimetoka kumwambia."

Mama Solange alikubali kwa kichwa. Kisha alivua miwani, akamtazama Nasra usoni, na Nasra akajua swali linalokuja kabla halijaja.

"Ule mshale. Ulijua ilikuwa mubaya?"

Angeweza kusema hapana. Hakuna mtu Kisangani nzima aliyeiona ile orodha yake ya mambo ya baadaye. "Nilijua," alisema. "Wiki tatu. Niliiona nikafikiri ni urembo tu."

"Wiki tatu."

"Ndiyo."

"Ungenyamaza, ningeenda kesho."

"Ndiyo, mama. Walisema hivyo, kwamba huko wangekuambia."

Mama hakusema amemsamehe, wala hakumfukuza. Alikaa na tableti mapajani juu ya shati, na Nasra alikaa mbele yake, amebanwa na aibu kiasi cha kushindwa hata kulia, maana kulia pale kungekuwa kuomba kitu. Jikoni wifi mmoja alianza kuimba wimbo wa shukrani, mwingine akapokea.

"Nifinyie ya Yunus," alisema Mama Solange.

"Mama?"

"Finya."

Nasra alifinya. Kisanduku kilifunguka kikipanda juu, kikakaa chote ndani ya kioo, mshale ukishuka kwenye jina la mwisho. Mama alivaa miwani akakisoma kwa sauti, kwa utulivu, kama alivyosomea madarasa thelathini: "Yunus. Yuko hai. Mkono wa kushoto umevunjika. Anakula. Anaulizia watu wake."

Alilirudia neno la mwisho kabisa kwa midomo tu.

"Tangu juzi niko namujibu," alisema. "Nikilala, nikipika. Anaulizia watu yake, na mimi namwambia, mama iko nakuja, mama iko nakuja."

Alimrudishia Nasra tableti, akainuka kwa kushika ukuta, na kwenda jikoni kuwaambia wale wanawake waache kuimba.